Foto moja ya matope, ndege wanne: anza na miguu, kisha mdomo, kisha namna ya kula



Mdogo wetu mmoja wa Songo, anayeandika memware yake juu ya ndege wa pembeni ya ziwa, alinionyesha foto aliyopiga mwezi wa kumi upande wa Kavimvira. Ni matope tu, maji kidogo, na ndege wanne wanaokula. Kwenye daftari lake aliandika: "vitwitwi 4." Nikamwambia, kaka, hapa uko na aina nne, na mmoja kati yao ukimkosea, hesabu yako yote inapoteza maana. Tuliketi saa nzima juu ya foto ile. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza, kwa nini mwezi wa kumi? Ziwa Tanganyika hujaa zaidi mwisho wa mvua, karibu mwezi wa tano, kisha hushuka polepole wakati wote wa kiangazi. Kufika mwezi wa kumi matope yamebaki wazi, na humo muna wadudu wachanga, minyoo na konokono wadogo. Wakati uleule, ndege wanaozalia kaskazini kabisa ya Ulaya na Siberia wanakuwa wamekwisha kufika Afrika. Njo maana kwenye tope moja utakuta wenyeji na wageni pamoja.

Tuanze na miguu. Miguu inakuambia ndege anaweza kuingia maji ya kina gani. Angalizo: kile tunachokiita goti la ndege, kinachokunjika kurudi nyuma, kwa kweli ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha ndani ya manyoya. Kwa hiyo pima hivi: ile sehemu isiyo na manyoya juu ya kifundo ni ndefu au fupi? Na je, miguu yote inayoonekana inazidi unene wa mwili?

Ndege wa kwanza kwenye foto, jibu lilikuja haraka. Miguu ya rangi ya waridi, mirefu kupita kiasi, mwili mweupe na mabawa meusi, mdomo mwembamba ulionyooka kama sindano. Huyu ni Himantopus himantopus, na kwetu anaonekana hata nje ya msimu wa wageni. Anasimama fasi ya maji ambapo wenzake wangeogelea, anaokota chakula juu ya maji au chini kidogo tu.

Wa pili alikuwa mdogo, pembeni kabisa, juu ya tope lililoanza kukauka. Miguu mifupi ya rangi ya chungwa, shingo fupi, mkanda mweusi kifuani, jicho kubwa, na mdomo mfupi kuliko nusu ya kichwa. Huyu ni Charadrius hiaticula. Mdomo kama huo hauwezi kutafuta kitu ndani ya tope, kwa hiyo anawinda kwa macho: anakimbia hatua chache, anasimama kabisa, anaangalia, anadonoa mara moja, anakimbia tena. Ukiona kimbia-simama-donoa, uko na ndege wa jamii hiyo, hata kama rangi hazionekani vizuri.

Wabaki wawili, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Wote wana rangi ya kijivu juu, weupe chini, miguu myeusi, mdomo mweusi. Mdogo wetu alisema ni aina moja, mmoja mkubwa na mmoja mtoto. Lakini ndege wa namna hii wanapofika kwetu, watoto wa mwaka ule wamekwisha kuwa na ukubwa wa wazazi wao. Kwa hiyo tofauti kubwa ya mwili ni alama ya aina mbili.

Tulichukua kipimo ambacho foto yoyote inakupa: urefu wa mdomo ukilinganishwa na kichwa. Kwa yule mdogo, mdomo ulikuwa mfupi kuliko kichwa, na umenyooka. Mwili wake wote, kutoka ncha ya mdomo hadi mkia, ni sentimeta 12 hadi 14, karibu na shomoro. Huyu ni Calidris minuta. Kwa yule mwingine, mdomo ulizidi urefu wa kichwa, na ukaenda ukipinda chini polepole hadi ncha. Mwili wake hufika sentimeta 18 hadi 23. Huyu ni Calidris ferruginea. Msimfananishe na sululu. Sululu naye ana mdomo uliopinda chini, lakini yeye ni ndege mkubwa zaidi.

Namna ya kula ilithibitisha. Bahati nzuri kulikuwa na video ya sekunde chache. Mdogo alikuwa anatembea haraka juu ya tope lenye maji kidogo, akidonoa juu-juu kama cherehani. Mwenye mdomo uliopinda alikuwa ndani ya maji hadi tumbo, anachoma tope mara nyingi fasi moja, wakati mwingine kichwa chote kinazama. Yeye hahitaji kuona. Ncha ya mdomo wake imejaa neva zinazosikia mgandamizo wa kitu kigumu ndani ya tope.

Sasa, kwa nini tofauti hii ina uzito? Yule mdogo bado hajaingia kwenye hatari. Lakini yule wa mdomo uliopinda, mwaka 2024 shirika la IUCN lilimpandisha hadi kundi la walio hatarini kutoweka, kwa sababu idadi yake inashuka. Ukiandika "vitwitwi 4," ndege huyo amefutika kwenye hesabu yako. Na miaka ile ziwa lilipopanda, kama tulivyoona Uvira yenyewe mwaka 2024, maji yalifunika sehemu kubwa ya matope ya namna hii. Tukitaka kujua kama yeye anarudi matope yanapofunuka tena, lazima kwanza tumtofautishe.

Foto nayo inadanganya, na inadanganya kwa njia tatu. Ndege aliyezama kwenye tope anaonekana mwenye miguu mifupi, kwa hiyo tafuta kifundo: kama hukioni, usihukumu miguu. Mdomo ukielekezwa kwenye kamera unaonekana mfupi na ulionyooka, kwa hiyo subiri ndege ageuke pembeni kabisa. Na tope likiganda kwenye mdomo linauongezea unene, hata linauonyesha kama umepinda. Tulikuwa na foto mbili za ndege huyo, na kwenye ya kwanza, alipotuelekea, mdomo ulionekana mnyoofu kabisa. Tungetegemea hiyo peke yake, tungekosea.

Kwa hiyo tulikubaliana na mdogo wetu: kwa kila kundi, foto moja ya ndege akiwa pembeni, pamoja na video ya sekunde kumi bila kusogea. Akikosa kuona alama mbili kati ya tatu, anaandika "hakutambulika." Daftari lake la mwezi wa kumi sasa linasoma: 1, 1, 1, 1. Na chini yake mistari miwili ya "hakutambulika" kwa ndege wa siku nyingine, aliokuwa amewapa majina kwa kubahatisha.