Pampu Imewaka, Lakini Maji Yamefika?

Kwenye shamba la umwagiliaji wa matone, ratiba ni ahadi tu. Kinachoonyesha kama ahadi hiyo imetimizwa ni kumbukumbu za aina mbili: saa ambazo pampu imefanya kazi, na unyevu wa udongo penye mizizi. Mita ya saa ya pampu huhesabu muda ambao mota imezunguka, basi. Haijui kama kichujio kimeziba, kama bomba limepasuka njiani au kama pampu inavuta hewa. Tensiometa nayo husema udongo wa mahali ilipochimbiwa umekauka kiasi gani, lakini haisemi maji yaliyopo yametoka kwenye pampu au kwenye mvua ya usiku. Ndiyo maana kumbukumbu hizi husomwa pamoja.

Kabla ya kusoma chochote, ratiba hugeuzwa kuwa saa za pampu. Mfano ni shamba la nyanya la mita za mraba 2,000, udongo wake tifutifu, la namna inayolimwa Ilula mkoani Iringa. Limegawanywa vitalu viwili vinavyolingana, A na B, na kila kimoja kina vali yake. Mirija imetandazwa kwa nafasi ya mita 1, matundu yake yako kila sentimita 30, na kila tundu hutoa lita 1.2 kwa saa. Eneo linalohudumiwa na tundu moja ni mita ya mraba 0.3, kwa hiyo kila mita ya mraba hupata lita 4 kwa saa, yaani milimita 4 za maji. Kama nyanya zinahitaji milimita 5 kwa siku, kila kitalu kinapaswa kumwagiliwa dakika 75. Kwa vitalu viwili pampu itawaka saa 2 na nusu kwa siku, na kwa wiki saa 17.5. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuandika kwenye jalada la daftari, maana kila Jumatatu ndiyo italinganishwa na mita.

Tensiometa husomwa kwa sentibari, na kipimo chake humchanganya anayeanza, kwa sababu namba ikipanda udongo umekauka. Kinachopimwa ni nguvu ambayo mzizi unalazimika kuitumia kunyonya maji. Sifuri ni udongo uliojaa maji kabisa. Kati ya 10 na 30 udongo tifutifu una maji na hewa ya kutosha. Ikivuka 40, nyanya za matone zinaanza kuhangaika. Kwa kawaida huchimbiwa vifaa viwili pamoja karibu na mmea, kimoja sentimita 20 chini penye mizizi mingi, kingine sentimita 40. Kile cha juu huonyesha kama maji yamefika, na kile cha chini huonyesha kama yamepita kiasi.

Kifaa kinachorekodi kila saa huchora mstari wenye umbo la kutambulika. Baada ya umwagiliaji namba hushuka ghafla, kisha mchana hupanda polepole mimea inapokunywa, na usiku hukaribia kutulia kwa sababu majani hayapotezi maji mengi. Ngazi hizo za mchana na usiku ni dalili kwamba mizizi iko hai karibu na kifaa. Mstari ukishuka bila pampu kuwaka, kwanza iulizwe mvua, kisha bomba linalovuja. Tahadhari kubwa ni tensiometa iliyopanda hadi karibu 80: hapo huingiza hewa, maji yake hukatika, na namba huanguka kuelekea sifuri. Asiyejua atadhani udongo umelowa, kumbe umekauka kupita uwezo wa kifaa. Kushika udongo kwa mkono kwenye kina hicho humaliza ubishi.

Jambo lingine la kusawazisha mapema ni saa. Vifaa vingi vya kurekodi hutoka kiwandani vikifuata saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Umwagiliaji wa saa kumi na mbili asubuhi huandikwa 03:00, na mwenye shamba akaanza kumshuku mlinzi kwamba anafungulia maji usiku wa manane. Pampu ikiwashwa kwa mkono kwa dakika kumi, kisha ikaangaliwa rekodi imeandika saa ngapi, tofauti hujulikana palepale.

Turudi Ilula. Kitalu A kimepangiwa saa kumi na mbili asubuhi, kitalu B saa kumi jioni. Jumatatu mita ya pampu inaonyesha saa 17.4 kwa wiki iliyopita. Ratiba ilitaka 17.5, kwa hiyo anayetazama mita peke yake angefunga daftari. Lakini kwenye kitalu B kifaa cha sentimita 20 kilisoma 22 Jumatatu asubuhi, 34 Alhamisi na 47 Jumapili, saa ileile ya asubuhi kila mara. Kwenye kitalu A kile cha juu hakikuvuka 12, na cha chini kilikaa kwenye 8 wiki nzima. Kitalu kimoja kinakauka huku jirani yake amelowa hadi chini ya mizizi, na pampu ni ileile.

Jibu liko kwenye mstari wa A. Badala ya kushuka mara moja kwa siku, unashuka mara mbili: asubuhi kwa zamu yake, na tena baada ya saa kumi jioni, wakati ambao maji yangekuwa ya B peke yake. Vali ya A haifungi vizuri.

Uthibitisho unataka kikombe chenye alama na saa ya mkononi. Tundu la lita 1.2 kwa saa hutoa mililita 60 kwa dakika 3. Jioni, vali ya B ikiwa wazi, matundu kadhaa ya mwanzo, katikati na mwisho wa mirija ya B hukingwa, halafu ya A. Tuseme B inatoa wastani wa mililita 45 na A, ambayo ingekuwa kavu, inatoa 15. Robo ya maji inapotea njiani. Kwa dakika 75, B inapata milimita 3.75 badala ya 5, na kwa wiki upungufu ni milimita 8.75. Kama B ingetoa 45 na A isitoe kitu, lawama ingehamia kwenye kichujio, matundu yaliyoziba au pampu iliyochoka.

Vali hufunguliwa, na mara nyingi kinachopatikana chini ya utando wa mpira ni chembe za mchanga zilizopita kwenye kichujio kilichotoboka, ambacho nacho hubadilishwa. Deni la B hulipwa kidogo kidogo. Milimita 8.75 ni kama dakika 131 za maji. Zikigawanywa kwa siku nne, ni nyongeza ya dakika 33 kila jioni, ili maji yasipite chini ya mizizi kwa mkupuo. Wiki hiyo mita ya pampu itasoma karibu saa 19.7, na sababu yake huandikwa daftarini siku hiyohiyo, ili atakayesoma Jumatatu asiende kutafuta hitilafu ambayo haipo.