Tarakimu Hizi Zimetoka Wapi, na za Lini? Tanbihi ya Chanzo Kwenye Dashibodi

Sehemu ya tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulitazama namna ya kuchagua viashiria na namna ya kuchora grafu zisizompotosha mtazamaji. Leo tunaangalia mistari michache ya maandishi madogo ambayo dashibodi nyingi hazina kabisa: ile inayoeleza takwimu zilitoka wapi, ni za hadi lini, na zinasasishwa kwa njia gani. Nitaanza na dashibodi ambayo huenda ndiyo iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote, ile ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyofuatilia UVIKO-19 kuanzia tarehe 22 Januari 2020 hadi 10 Machi 2023.

Waliokuwa wakiifungua waliona ramani yenye miduara myekundu na, pembeni, tarehe na saa ambayo dashibodi ilisasishwa mara ya mwisho. Mwanzoni watafiti waliingiza takwimu kwa mikono mara mbili kwa siku. Baadaye programu ilichukua kazi kubwa ya kuzikusanya, na saa ile ikawa inabadilika mara nyingi kwa siku. Sasa fikiria mtu aliyeifungua Januari 2021 na kutafuta Tanzania. Alikuta wagonjwa 509 na vifo 21. Saa ya kusasishwa ilikuwa ya siku ileile. Lakini tarakimu hizo zilikuwa za Mei 2020, kwa sababu baada ya hapo Tanzania ilisimamisha utoaji wa takwimu, na haikuurejesha hadi katikati ya 2021. Programu ilikuwa ikienda kwenye chanzo, inakuta 509, inarudi na 509, kisha inaandika kwamba imesasisha sasa hivi. Haikusema uongo. Ilijibu swali ambalo mtazamaji hakuwa ameuliza.

Mtazamaji alitaka kujua takwimu zina umri gani, naye akaambiwa programu ilifanya kazi saa ngapi. Haya ni mambo mawili tofauti, na katika kazi nyingi kuna la tatu katikati yake. Kuna tarehe ya tukio lenyewe: siku mgonjwa alipopimwa, mtoto alipochanjwa, mzigo ulipotoka bandarini. Kuna tarehe ambayo habari ya tukio hilo iliingia kwenye kanzidata. Na kuna saa ambayo dashibodi ilisoma kanzidata hiyo. Kati ya ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupita dakika tano au miezi kumi, na hakuna grafu inayoweza kukuonyesha tofauti hiyo isipoandikwa kwa maneno.

Mfumo wa DHIS2, ambao asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinautumia, unaonyesha jambo hili vizuri. Muuguzi wa zahanati anajaza rejesta kila siku. Mwisho wa mwezi anajumlisha na kuandaa ripoti, kisha ripoti inaingizwa kwenye mfumo, kituoni au wilayani, katika wiki za mwanzo za mwezi unaofuata. Hata hapo takwimu bado hazijafika kwenye dashibodi. Grafu za DHIS2 kwa kawaida hazisomi moja kwa moja pale takwimu zinapoingizwa; zinasoma majedwali ya uchambuzi ambayo seva huyatengeneza upya kwa ratiba, mara nyingi usiku. Mtunza takwimu anayeingiza ripoti saa kumi jioni akifungua grafu saa kumi na moja haioni kazi yake. Wasiojua hudhani mfumo umeimeza, wakaingiza upya au wakapiga simu mkoani. Mstari mmoja ungetosha kuwatuliza: “Grafu hizi husasishwa kila usiku, ripoti iliyoingizwa leo itaonekana kesho asubuhi.”

Ndiyo maana njia ya kusasisha inastahili kutajwa, si saa peke yake. Kuna njia tatu ambazo mtazamaji anahitaji kuzitofautisha. Ya kwanza ni mtu kupakia faili kwa mkono. Hapo aambiwe ni mwenye cheo gani anayepakia na kwa kawaida lini, kwa sababu akienda likizo takwimu zinasimama. Ya pili ni ratiba ya programu. Ya tatu ni dashibodi kuuliza kanzidata kila inapofunguliwa. Ya pili ndiyo yenye hatari iliyofichika, kwa kuwa inaweza kufa bila kelele. Katika Power BI, kwa mfano, ratiba ikishindwa mara nne mfululizo huzimwa. Mwenye ripoti anaweza kutumiwa barua pepe, lakini mkurugenzi anayetazama skrini ukutani haoni dalili yoyote: grafu zinabaki zinang’aa zikiwa na takwimu za wiki iliyopita. Akiandikiwa kwamba dashibodi husasishwa kila siku saa 12 asubuhi, na chini yake aone tarehe ya siku tisa zilizopita, atajua mwenyewe kwamba kuna kilichokatika.

Saa hiyo nayo ina mitego. Wengi huiweka kwa kipimo cha `NOW()`, na kipimo hicho hukokotolewa upya kila ukurasa unapochorwa. Hivyo dashibodi iliyokufa mwezi mzima itaendelea kuonyesha saa ya sasa. Njia sahihi ni kuweka jedwali dogo linalojazwa wakati wa kusasisha tu. Mtego wa pili ni wa majira: seva za Power BI zinahesabu kwa UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na aliyejaribu kwenye kompyuta yake ya Dodoma hataona kosa hadi ripoti ipande mtandaoni. Mstari huu wa Power Query unaiepuka mitego yote miwili:

```
= DateTimeZone.RemoveZone(DateTimeZone.SwitchZone(DateTimeZone.FixedUtcNow(), 3))
```

Na kwa kuwa wasomaji wetu husema saa mbili asubuhi pale skrini inaposema 08:00, andika “08:00 asubuhi” au “saa 2:00 asubuhi”, usiache tarakimu peke yake.

Hata hivyo mstari huo unatoa saa ya programu tu, ileile iliyowapotosha watazamaji wa 509. Umri wa takwimu unapatikana ndani ya takwimu zenyewe, na lazima utafutwe kwa kila eneo peke yake:

```sql
SELECT wilaya,
       MAX(tarehe_ya_tukio) AS takwimu_hadi,
       MAX(tarehe_ya_kupokelewa) AS zilipokelewa
FROM chanjo
GROUP BY wilaya;
```

Sehemu ya `GROUP BY` ndiyo yenye thamani. Ukichukua tarehe kubwa kuliko zote bila kugawa kwa wilaya, wilaya moja iliyoripoti jana itaifunika ile iliyonyamaza tangu Machi. Matokeo yake yasifichwe kwenye ukurasa wa mwisho. Safu ya “takwimu hadi” ikae kwenye jedwali lilelile lenye tarakimu za wilaya, na wilaya iliyochelewa ipewe rangi ya kijivu.

Sasa tuje kwenye chanzo. Kuandika “Chanzo: DHIS2” hakumsaidii mtu, kwa sababu kiashiria kimoja huwa na vyanzo viwili. Tuchukue mfano wa kubuni. Dashibodi ya wilaya fulani inaonyesha kwamba mwezi Juni watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya pentavalenti ni asilimia 104 ya walengwa. Kiasi kimetoka kwenye ripoti za vituo: watoto 1,040. Asili, yaani watoto waliotarajiwa, ni 1,000 kwa mwezi, na hiyo haikutoka kituo chochote. Ni makadirio yaliyojengwa juu ya sensa ya 2012.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban milioni 44.9 Tanzania, na kasi ya ongezeko iliyopatikana wakati huo ilikuwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Ukiipeleka mbele kwa kasi hiyo miaka kumi unafika karibu milioni 58.6. Sensa ya 2022 ilikuta milioni 61.7. Pengo la watu milioni tatu halikugawanyika sawa. Baadhi ya maeneo yalizidi makadirio kuliko mengine. Tuseme basi wilaya yetu, kwa sensa mpya, inatarajiwa kuwa na watoto 1,150 kwa mwezi. Watoto walewale 1,040 sasa ni asilimia 90. Hakuna mtoto aliyepungua wala kuongezeka, lakini uamuzi umegeuka: wilaya iliyokuwa ikipongezwa ina watoto zaidi ya mia kila mwezi wasiofikiwa. Mtazamaji hawezi kugundua hili asipoandikiwa asili imetoka sensa ipi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo tanbihi nzuri hulitaja: vituo vingapi vimeripoti. Grafu nyingi za kila mwezi huanguka mwishoni, na katika vikao watu hujadili anguko hilo kwa uzito, wakati mwezi wa mwisho una ripoti za vituo 45 kati ya 60. Wiki mbili baadaye mstari unapanda wenyewe. Kinyume chake pia hutokea. Februari 2020 mkoa wa Hubei, China, uliripoti wagonjwa wapya 14,840 kwa siku moja, na dunia ikashtuka. Zaidi ya 13,000 kati yao waliingizwa kwa sababu vigezo vilibadilishwa, wakaanza kuhesabiwa pia wagonjwa waliotambuliwa na madaktari kwa dalili na picha za mapafu bila kipimo cha maabara. Mabadiliko ya namna hiyo yaandikwe juu ya grafu yenyewe, siku ileile yalipotokea, kwa mstari wa wima na maneno machache.

Tanbihi ya mfano wetu basi ingesomeka hivi: “Watoto waliochanjwa: ripoti za vituo kupitia DHIS2, hadi Juni, vituo 60 kati ya 60 vimeripoti. Walengwa: makadirio ya sensa ya 2012. Dashibodi husasishwa kila siku saa 12 asubuhi. Mara ya mwisho 9 Julai, saa 12:04 asubuhi. Maswali: ofisi ya takwimu ya wilaya.” Tarehe na idadi ya vituo zijazwe na programu, kwa sababu zikiandikwa kwa mkono zitachakaa ndani ya mwezi. Tanbihi ikae chini ya grafu inayohusika. Ikiwa kwenye ukurasa wa maelekezo itapotea siku mtu atakapopiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, na huko ndiko dashibodi nyingi husomwa siku hizi.

Tanbihi haitakuambia kama muuguzi alihesabu sawasawa. Rejesta yenye makosa itabaki na makosa hata ikitajiwa chanzo na saa, na hilo linahitaji ukaguzi wa vituoni, ambao tutauzungumzia katika sehemu ya nne. Kwa wiki hii, msomaji unayesimamia dashibodi, ifungue na utafute wilaya iliyokaa kimya muda mrefu kuliko zote. Kama huwezi kuijua kwa kutazama skrini peke yake, anza kurekebisha hapo.