Mzigo umechelewa na umepata hasara? Jinsi ya kumwandikia msambazaji barua ya kudai fidia

Vikundi vingi katika makazi ya Nakivale, vya wakimbizi na vya wenyeji, hununua bidhaa Mbarara: vitambaa, unga, mbegu, mabati. Malipo ya awali hutumwa kwa simu, kisha watu husubiri gari. Gari lisipofika siku iliyoahidiwa, wengine humpigia muuzaji na kumgombeza, wengine hunyamaza kwa kuogopa kupoteza duka linalowauzia. Barua iliyoandikwa vizuri huepuka yote mawili. Inakuwezesha kudai fedha zako bila kumtukana mtu ambaye huenda ukamhitaji tena mwezi ujao.

Katika makala hii tutafuata mfano mmoja wa kikundi cha mafundi cherehani, kisha tutaonyesha barua yao.

Jinsi hasara ilivyotokea

Shule moja ya msingi ilikiagiza kikundi sare 120. Zilitakiwa kufika shuleni 31 Januari, kabla ya muhula kuanza. Makubaliano na shule yalisema kwamba sare zikichelewa, shule itakata shilingi 150,000 kwenye malipo.

Tarehe 9 Januari kikundi kiliandikia duka moja la vitambaa Mbarara kwa wasapu. Kiliagiza mita 180 kwa shilingi 9,000 kila mita, kikaeleza tarehe ya shule na lile kato la shilingi 150,000. Duka lilijibu kwamba mzigo utafika 17 Januari. Siku iliyofuata kikundi kilituma nusu ya bei, yaani shilingi 810,000.

Mzigo haukufika. Tarehe 21 wanachama wawili walisafiri hadi dukani, wakaambiwa wasubiri. Tarehe 24 walinunua mita 60 katika soko la hapa Nakivale kwa shilingi 12,500 kila mita, ili kazi ianze. Siku hiyo hiyo waliliandikia duka lipunguze oda hadi mita 120, nalo likakubali. Kitambaa kilifika 28 Januari, kikiwa kimechelewa siku 11. Sare zilikabidhiwa shuleni 6 Februari, na shule ikakata zile shilingi 150,000.

Kabla ya kuandika: unadai nini hasa?

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inampa haki ya fidia mtu aliyepata hasara kwa sababu mwenzake amevunja mkataba. Lakini hasara hiyo lazima iwe imetokana moja kwa moja na kosa hilo, au iwe ya aina ambayo pande zote mbili zilijua ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haihesabiwi.

Kikundi kilipokaa kupiga hesabu kilipata mambo matatu. La kwanza ni tofauti ya bei ya kitambaa cha sokoni: shilingi 3,500 kwa kila mita, mara mita 60, sawa na 210,000. La pili ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Mbarara, 40,000. La tatu ni kato la shule, 150,000. Jumla ni shilingi 400,000.

Mwanachama mmoja alitaka waongeze shilingi milioni moja kwa ajili ya usumbufu. Mwingine alisema huenda shule ya pili ingewapa oda kama wasingechelewa. Wakayaacha yote mawili. Usumbufu hawakuweza kuuonyesha kwa risiti, na oda ya shule ya pili ilikuwa matumaini tu. Dai moja lisilo na ushahidi humfanya msomaji ayatilie shaka hata yale yenye ushahidi.

Ona pia kwamba lile kato la shule linadaika kwa sababu duka liliambiwa mapema. Kama ujumbe wa 9 Januari usingelitaja, duka lingeweza kusema halikujua. Kwa hiyo unapoagiza mzigo, mwambie muuzaji kwa maandishi unauhitaji kwa kazi gani na utapoteza nini ukichelewa.

Jambo jingine ni hati ya kupokea mzigo. Dereva anapokupa karatasi utie sahihi, usisaini haraka. Andika juu yake: "Umepokelewa 28 Januari. Umechelewa siku 11. Tutadai hasara." Piga picha karatasi hiyo kabla hajaondoka nayo. Ukisaini bila kusema chochote, muuzaji anaweza kudai baadaye kwamba uliridhika.

Adabu na dai havigombani

Kwa Kiswahili tumezoea kulainisha maneno tunapotaka kitu kwa mtu. Tunasema "tunaomba mtufikirie", "kama mtaona inafaa", "samahani kwa kuwasumbua". Maneno haya ni mazuri kwa anayeomba msaada. Kwenye barua ya madai yanageuza haki yako kuwa hisani, na muuzaji anaweza kujibu kwa heshima kabisa kwamba amekufikiria na ameona haiwezekani.

Weka adabu mwanzoni na mwishoni: salamu, shukrani kwa biashara mliyofanya, nia ya kuendelea. Katikati, pale penye dai, tumia "tunadai", taja kiasi, taja tarehe ya mwisho. Usiandike "fidia inayofaa" wala "haraka iwezekanavyo", kwa maana kila mtu ana kipimo chake.

Usimwite muuzaji mwizi au tapeli. Unachojua ni kwamba mzigo ulichelewa. Kilichokuwa moyoni mwake hukijui. Usimtishie polisi pia, kwa kuwa kuchelewesha mzigo ni suala la madai na si jinai. Na usisambaze jina lake kwenye makundi ya wasapu. Ukifanya hivyo, mazungumzo yatahama kutoka kwenye kosa lake kwenda kwenye kosa lako.

Barua yenyewe

*Nakivale, 10 Februari 2025*

*Kwa Meneja wa Duka*
*Mbarara*

*YAH: KUCHELEWA KWA KITAMBAA CHA SARE NA DAI LA FIDIA YA SHILINGI 400,000*

*Ndugu Meneja,*

*Tunakusalimu. Tunashukuru kwamba kitambaa mlichotuletea kilikuwa cha rangi na ubora tuliokubaliana.*

*Hata hivyo, hakikufika kwa wakati. Mliahidi kwa maandishi tarehe 9 Januari kwamba mzigo utafika 17 Januari. Tulituma malipo ya awali ya shilingi 810,000 tarehe 10 Januari. Mzigo ulifika 28 Januari, siku 11 baada ya tarehe ya ahadi. Kwa sababu hiyo tulipata hasara ifuatayo:*

*1. Bei ya ziada ya mita 60 tulizonunua kwingine: shilingi 210,000.*
*2. Nauli ya watu wawili kuja dukani kwenu tarehe 21 Januari: shilingi 40,000.*
*3. Kato la shule kwa kuchelewa, ambalo tuliwajulisha tarehe 9 Januari: shilingi 150,000.*

*Tunadai fidia ya shilingi 400,000. Bado hatujawalipa salio la shilingi 270,000 la mita 120 tulizopokea. Tunapendekeza salio hilo likatwe katika fidia, nanyi mtulipe shilingi 130,000 zinazobaki, kabla au ifikapo 24 Februari 2025, kwa namba ya simu iliyotuma malipo ya awali.*

*Tumeambatanisha nakala za ujumbe, risiti na hati ya kupokea mzigo. Ikiwa kuna hesabu mnayoona si sahihi, tuandikieni kabla ya tarehe hiyo, tutakaa nanyi kuipitia. Tusipopata malipo wala jibu, tutapeleka dai hili mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo.*

*Tungependa kumaliza jambo hili kati yetu na kuendelea kununua kwenu.*

*Wenu,*
*Mwenyekiti na Katibu wa Kikundi*

Barua hii haina neno la ukali, lakini mtu akiisoma mara moja anajua anadaiwa kiasi gani, kwa nini, na hadi lini. Kiasi kimetajwa tangu kwenye kichwa, ili hata asiyefika mwisho akione.

Angalia jinsi walivyolishughulikia salio. Walikuwa na fedha za duka mkononi na wangeweza kunyamaza nazo. Wangefanya hivyo, duka lingewaita wadaiwa sugu. Kwa kulitaja wenyewe walionyesha kwamba wanakubali deni lao kama wanavyodai lao.

Kuituma na kusubiri

Iandike kwa lugha ambayo muuzaji anaisoma. Kwa maduka mengi ya Mbarara itakuwa Kiingereza, kwa hiyo andika kwanza kwa Kiswahili, kisha mpe mtu mnayemwamini aitafsiri, na mhakikishe pamoja kwamba tarehe na tarakimu hazikubadilika. Chapisha nakala mbili. Mpokeaji atie sahihi na tarehe kwenye nakala yenu. Akikataa kusaini, mtumie picha ya barua kwa wasapu, na uhifadhi ujumbe huo.

Mara nyingi muuzaji atajibu kwa kutoa pungufu, kwa mfano kukubali bei ya ziada na nauli lakini si kato la shule. Amueni mapema kama kikundi kiwango ambacho hamtashuka chini yake, na makubaliano mapya yaandikwe.

Asipojibu, Uganda ina utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa madai ya bidhaa, madeni au kodi ya nyumba yasiyozidi shilingi milioni 10. Mdai huanza kwa kumpa mdaiwa ilani ya siku 14, na mahakama ina fomu yake ya ilani hiyo. Ndiyo maana kikundi kilitoa siku 14 kwenye barua: duka lilipata muda ule ule ambao mahakama ingelipa. Mawakili hawaruhusiwi kusimama katika kesi hizi, unajieleza mwenyewe. Mkimbizi ana haki ya kwenda mahakamani kama raia. Kwa kuwa si kila mahakama inaendesha utaratibu huu, uliza kwanza kwa karani wa mahakama iliyo karibu nawe.

Mwisho, kumbuka kwamba sheria hiyo ya 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na inakubali maandishi ya kielektroniki. Oda ya kikundi ilikuwa ya zaidi ya milioni moja na nusu. Kama wangeagiza kwa kupiga simu tu, barua yao ingekuwa na adabu ile ile, lakini isingekuwa na mahali pa kusimama. Usifute ujumbe wa oda mpaka mzigo ufike na hesabu ifungwe.