Seva ya Tano Ilipowashwa

Mwaka 2007 mafundi wa Last.fm, tovuti ya muziki yenye makao London, waliwapa wenzao bure programu ndogo waliyoiita ketama. Waliiandika kwa sababu ya kero moja. Kila walipoongeza au kuondoa seva kwenye kashe yao, kashe nzima ilikuwa kama imefutwa. Hakuna aliyeifuta. Data zilikuwa bado ndani ya seva zilezile, ila programu zilizozihitaji zilikuwa zinazitafuta kwenye seva nyingine.

Kashe ni hifadhi ya muda. Tovuti yenye watu wengi haiwezi kuiuliza hifadhidata yake swali lilelile mara elfu kwa dakika, kwa hiyo jibu likishapatikana huwekwa kwenye memori ya seva nyingine ili atakayeuliza baadaye ajibiwe upesi. Memori ya seva moja isipotosha, data hugawanywa vipande, kila seva ikashika chake. Kipande hicho mafundi hukiita shadi.

Ugawaji wenyewe si mgumu. Kazi ni kujua kila kitu kimewekwa wapi. Kila jibu lina ufunguo wake, tuseme `user:4821`. Ufunguo huo uko seva ipi? Kuziuliza zote ni kupoteza muda. Kuweka daftari moja la kila ufunguo nako kuna shida yake, maana kila ombi litapanga foleni mbele ya daftari hilo. Ndiyo maana watu huamua kupiga hesabu. Kuna kanuni iitwayo hashi: unaipa maandishi, inakupa namba. Maandishi yaleyale hutoa namba ileile siku zote, na maandishi yanayofanana kwa sura hutoa namba zilizo mbalimbali kabisa. Ukiwa na seva nne, unagawa namba hiyo kwa nne na kutazama baki:

```
hash(key) % 4
```

Baki likiwa 0, nenda seva ya kwanza; likiwa 3, nenda ya nne. Hesabu hii ni ya haraka na mzigo hugawanyika vizuri, na kwa miezi kadhaa mtu anaweza kuamini hana la kurekebisha. Kisha inanunuliwa seva ya tano.

Sasa namba zinagawanywa kwa tano. Chukua namba 20 kuanzia 40 hadi 59. Namba 40 ikigawanywa kwa nne inabaki 0, na kwa tano pia inabaki 0, kwa hiyo haihami. Namba 41, 42 na 43 nazo zinabaki zilipo. Lakini 44 ilikuwa na baki la 0 na sasa ina 4; 45 ilikuwa na 1 na sasa ina 0; na kuanzia hapo hadi 59 hakuna hata moja inayobaki kwenye seva yake. Katika namba 20 zimesalimika nne. Asilimia 80 ya funguo zimebadilisha anwani kwa siku moja, ingawa seva mpya ilistahili kupokea asilimia 20 tu. Maombi yote yanayokosa jibu kwenye kashe huangukia hifadhidata kwa pamoja, na hapo tovuti hulala. Seva iliyoletwa kupunguza mzigo ndiyo iliyouleta.

Dawa yake ilikuwa imeshachapishwa miaka kumi nyuma. Mwaka 1997 watafiti wa MIT nchini Marekani, wakiwemo David Karger, Tom Leighton na Daniel Lewin, walieleza njia ambayo tunaweza kuiita hashi thabiti. Mwaka uliofuata Leighton na Lewin walianzisha Akamai, kampuni inayosambaza kurasa za mtandao kupitia seva zilizotapakaa duniani. (Lewin aliuawa tarehe 11 Septemba 2001, akiwa abiria katika mojawapo ya ndege zilizotekwa siku hiyo.)

Wazo lao ni kuacha kabisa kugawa kwa idadi ya seva. Namba zote zinazoweza kutolewa na hashi hupangwa kwenye duara, mithili ya uso wa saa. Seva nazo hupewa namba kwa kuyapitisha majina yao kwenye hashi ileile, kila moja ikasimama mahali pake. Ukitaka kujua ufunguo ni wa nani, anzia kwenye namba yake ufuate mwendo wa mshale wa saa. Seva ya kwanza utakayoikuta ndiyo mwenyewe.

Tuchukue duara dogo la namba 0 hadi 99. Seva A iko kwenye 10, B kwenye 35, C kwenye 60, D kwenye 85. Ufunguo wenye namba 47 ni wa C. Ikiongezwa seva E kwenye 50, inachukua namba 36 hadi 50 kutoka kwa C, basi. A, B na D hazina habari. Zimehama funguo 15 katika kila 100.

Sasa D izimike. Funguo zake, 61 hadi 85, zinasonga mbele hadi kwa A, ambayo tayari ilikuwa na 25 zake. A inabeba 50 peke yake. Hapa ndipo wengi waliosoma wazo hili juujuu hukwama: A ikizidiwa nayo ikafa, mzigo wake wote unamwangukia B, na seva zinaweza kuanguka moja baada ya nyingine. Kwa hiyo seva moja haipewi pointi moja kwenye duara. Ketama huipa kila seva pointi zaidi ya mia, zilizochanganyikana na za wenzake. D ikizimika, vipande vyake vidogovidogo vinaangukia A, B na C, kila mmoja akapanda kutoka 25 hadi takriban 33. Seva yenye memori kubwa inaweza kupewa pointi nyingi zaidi.

Kwenye kashe, kilichopotea na D kitasomwa upya kutoka hifadhidata. Hifadhidata yenyewe haina pa kukimbilia, hivyo lazima iwe na nakala. Amazon, katika andiko lao la 2007 kuhusu mfumo wa Dynamo uliotunza vikapu vya wanunuzi, walieleza kwamba kila data huandikwa kwenye seva kadhaa zinazofuatana kwenye duara, kwa kawaida tatu, huku pointi za seva ambayo tayari ina nakala zikirukwa. Mojawapo ikiwa imezimika, seva nyingine hupokea maandishi pamoja na kidokezo cha mwenye mali, kisha humkabidhi akirudi.

Kurudi nako kuna mtego, hasa kwenye kashe isiyo na makabidhiano kama hayo. Tuseme mtandao wa D unakatika dakika mbili. Katika dakika hizo mtumiaji anabadilisha picha yake, na picha mpya inawekwa kwa A. D inarudi na memori yake ikiwa kama ilivyokuwa, funguo zinarejea kwake, na mtumiaji anaiona picha ya zamani. Malalamiko ya data kurudi nyuma, yanayokuja muda mfupi baada ya seva kuyumba, kwa kawaida chanzo chake ni hiki. Ni heri seva iliyotoka isafishwe memori kabla ya kurudishwa.

Kuna tatizo ambalo duara haliligusi kabisa. Ufunguo mmoja, mathalani wa msanii anayetazamwa na mamilioni usiku mmoja, una pointi moja na seva moja. Utaona mashine moja ikihema huku nyingine zikiwa na nafasi, na kuongeza seva ya sita hakutasaidia kitu, kwa sababu ufunguo huo bado utakaa mahali pamoja. Hapo mafundi hutengeneza nakala kwa mkono: ufunguo unapewa mikia kama `:1`, `:2` na `:3`, kila mkia unaangukia sehemu yake ya duara, na msomaji anachaguliwa mmoja kwa bahati nasibu. Gharama yake ni kwamba badiliko moja sasa linaandikwa mara tatu.