Kuunganisha Ofu kwa Kubadilishana Zamu

Mlinzi wa zamu kwa kawaida ana ofu moja kwa wiki, nayo haitoshi safari ya harusi ya Dar es Salaam hadi Tanga na kurudi. Likizo ya mwaka, siku 28 kwa sheria ya Tanzania, hupangwa mapema, na wasimamizi wengi hawapendi kuimega kwa siku moja. Njia nyepesi ni kuazima ofu ya mwenzake.

Tuseme lindo lina zamu tatu za saa nane. Mlinzi wa geti na wa maegesho wote huingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa nane mchana. Wa geti ana ofu Alhamisi, wa maegesho Ijumaa, na riliva huziba nafasi zao siku hizo. Wakikubaliana, Ijumaa wa maegesho anasimama getini, na wa geti anapumzika tangu Jumatano saa nane mchana hadi Jumamosi alfajiri: saa 64 mfululizo. Alhamisi ya wiki inayofuata wa geti analipa deni kwa kulinda maegesho, na mwenzake naye anapata Alhamisi na Ijumaa.

Gharama yake ni kwamba kila mmoja anafanya kazi siku 12 bila ofu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai mapumziko ya saa 24 kila wiki, ila makubaliano ya maandishi yanaweza kuweka badala yake saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Ndiyo maana mpango huu unahitaji karatasi yenye saini ya mwajiri, na deni lisingoje mwisho wa mwezi.

Kubadilishana na mtu wa zamu nyingine ni kugumu zaidi. Anayetoka saa nne usiku akipokea geti alfajiri amepumzika saa nane tu, ilhali sheria inataka 12 kati ya siku na siku. Huyo ndiye atakayekutwa amesinzia.

Ombi lenyewe ni fupi: majina, tarehe zote mbili, malindo na saini. Lipelekwe kabla rosta haijabandikwa. Makubaliano ya mdomo huvunjika asubuhi mbadala asipotokea: rosta bado ina jina la aliyesafiri, naye ndiye anayeandikiwa utoro. Mbadala atie saini kwenye daftari la mahudhurio kwa jina lake mwenyewe, kwani kusaini kwa jina la mwenzake ni udanganyifu, na saa zake za ziada hazitaonekana.

Msiba ni jambo jingine. Kwa kifo cha mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu wa damu, sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa miezi 36, na siku hizo hazihitaji kulipwa zamu kwa mtu.

Hatari ya mwisho ni uhamisho. Mdaiwa akipelekwa lindo jingine kabla ya kulipa, karatasi ile ndiyo inayomwezesha msimamizi kumpangia riliva mwenye haki ya siku yake.