Nguo Njema Katika Nchi ya Maji: Kasha, Kabati na Kawa Huko Maparoni

Katika visiwa vya delta ya Rufiji nguo njema haikai mwaka mzima bila kuguswa. Khanga za doti, kanzu ya Idi, baibui la kutokea, na kwa baadhi ya wazee hata sanda waliyojinunulia wenyewe, vyote hutolewa nje mara kwa mara, vikaanikwa, vikakunjwa upya na kurudishwa. Mgeni kutoka bara anaweza kudhani ni maonyesho, na si uongo kwamba majirani hutazama nani ana doti ngapi. Lakini sababu ya kwanza ni kawa: yale madoa madogo meusi na ya kijivu ambayo yakishaingia kwenye pamba nyeupe hayatoki kwa sabuni yoyote.

Maparoni, kata ya Wilaya ya Kibiti, imezungukwa na mikoko na vijito ambavyo maji ya bahari huvijaza na kuviacha mara mbili kwa siku. Nyumba nyingi za huku ni za miti na udongo, na maji ya bamvu yanapopanda, unyevu hupanda nao ardhini na kutani. Kisha inakuja masika, Machi hadi Mei, jua linajificha siku kadhaa na kila kitu ndani kinakuwa na ubaridi wa kunata mkononi. Kuvu wanaofanya kawa hawahitaji maji ya kumwagika. Unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 70 na kukaa hapo kwa siku kadhaa, wanaota, na chakula chao ni jasho, vumbi na wanga uliomo kwenye nguo. Ndiyo maana kanzu iliyotiwa wanga huwahi kuharibika kuliko isiyotiwa. Mwenye busara huitia wanga siku ya kuivaa, si siku ya kuihifadhi.

Miaka ya karibuni yameingia makabati ya milango miwili badala ya makasha, na pamoja nayo vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vimeandikwa visiliwe. Ndani yake kuna silika jeli, punje ngumu zenye vitundu visivyoonekana ambavyo hunasa mvuke wa maji. Watu wamejifunza kuviokota na kuvitupia kabatini. Si kosa, ila kwa idadi ile havisaidii kitu, na hesabu yake ni rahisi kuifuata.

Chukua sanduku la bati lenye doti kumi za khanga, uzito wa karibu kilo 4. Pamba iliyokaa kwenye hewa ya masika huwa imekunywa unyevu mwingi hata kama mkono unaiona kavu. Ili doti hizo zifikie ukavu ambao kuvu hawaupendi, lazima ziachie takriban gramu 200 za maji, yaani glasi nzima. Kipakiti cha gramu 5 kikishiba kabisa huwa kimebeba gramu moja na nusu hivi, au mbili. Utahitaji zaidi ya vipakiti mia moja kuikausha glasi hiyo. Hewa yenyewe ya sandukuni haina maji ya kutisha. Maji yamo ndani ya nguo. Kwa hiyo silika haikaushi nguo. Inalinda nguo iliyokwisha kukaushwa na jua, na jua halina bei.

Hapo ndipo desturi ya zamani inapoonyesha akili yake. Mama mkwe humfundisha mkamwana aanike baada ya umande kuisha, kama saa nne asubuhi, na aanue kabla jua halijapoa, saa tisa alasiri. Nje ya saa hizo hewa ya delta ni nzito, na nguo iliyoachwa kambani hadi magharibi hurudisha kwa saa moja unyevu iliouachia mchana kutwa. Nguo hukung'utwa, hukunjwa ingali na joto la jua na kufungiwa mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo, kuacha kabati wazi asubuhi ya mvua kwa nia ya kulipa hewa ni kualika unyevu ndani. Milango hufunguliwa mchana wa jua wakati upepo unapita, na usiku hufungwa.

Jambo jingine wanaloshika sana ni chumvi. Nguo ya kuvulia haichanganywi na nguo za kasha hata ikionekana safi, maana chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani, na nguo iliyosuuzwa kwa maji ya chumvi haitakauka kikweli kamwe. Nguo za kuhifadhi husuuzwa kwa maji baridi, na kwa watu ambao maji baridi ni ya kisima au ya mvua, hiyo si gharama ndogo.

Kabati linadai adabu ambayo kasha halikuwa nayo. Likigusana na ukuta wa udongo, mgongo wake huota kuvu kwanza, mahali ambapo hakuna anayepaona. Nguo zikianza kunuka uvundo bila madoa, tazama huko. Livute mbele upana wa kiganja, liinue juu ya matofali, na nguo za kwenye hanga ziachane vidole viwili. Kabati lililosheheni halipitishi hewa hata ukilifungua kutwa.

Udi nao una nafasi yake, lakini tusiusingizie kazi isiyo yake. Kufukiza nguo juu ya chetezo huzipa harufu na kupoteza uvundo wa siku mbili tatu. Kuvu walioota hubaki walipo. Fukiza nguo kavu.

Sasa, kwa nguo zilizokaushwa vizuri na sanduku linalofunga sawasawa, silika ni rafiki wa kweli wa masika. Gramu 300 ndani ya mfuko wa kitambaa zinatosha sanduku la doti kumi. Kabati lenye milango ya kuachana halifai, kwa kuwa silika itajaribu kukausha nyumba nzima na kushiba haraka. Bora uziweke nguo za thamani kwenye ndoo ya mfuniko au begi lenye zipu ndani ya kabati hilo. Kujua kama imeshiba, peleka mfuko kwenye mizani ya dukani: ukifika gramu 360 au 375, ni wakati wa kuikausha. Zimwage punje kwenye chombo cha chuma, kwa sababu karatasi za vipakiti vingine ni za plastiki na huyeyuka. Zitandaze nyembamba juu ya moto mdogo wa mkaa na uzigeuze kwa saa moja au mbili, mpaka uzito urudi karibu na 300. Zikianza kupasuka kwa mlio, moto umezidi. Zikipoa kidogo, zifungie kwenye chupa kavu kabla hazijaanza kunywa tena.

Ziko punje za buluu zinazogeuka waridi zikishiba, na urahisi wake unavutia. Lakini nyingi hupata rangi hiyo kutokana na chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Katika nyumba yenye watoto, na mahali ambapo chombo cha kukaushia huenda kesho kikapikiwa wali, nunua zile nyeupe na utumie mizani.