Miguu Ibebe, Mikono Ishike

Misuli inayokunja vidole vya mkono haimo vidoleni. Sehemu kubwa yake imelala kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kiganja, na nguvu zake hufika vidoleni kwa kano ndefu. Ndiyo sababu mpandaji miamba anayechoka katikati ya ukuta hulalamikia kigasha kuliko vidole. Kigasha huvimba na kuwa kigumu, kisha kiganja huanza kufunguka chenyewe.

Kinachotokea ni kwamba msuli unapokazwa hubana mishipa ya damu inayopita ndani yake. Ukikazwa kidogo, damu huendelea kupita. Ukikazwa kwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, damu hupita kwa shida au haipiti kabisa, oksijeni haifiki na taka za kazi ya msuli haziondoki. Kwa hiyo muda ambao mpandaji anaweza kudumu ukutani hutegemea sana kiasi anachokaza, na kiasi hicho huamuliwa zaidi na miguu.

Mfano ni mtu wa kilo 70 aliyesimama kwenye ukingo mwembamba wa mwamba wima. Miguu ikibeba uzito wote, mikono hubaki na kazi moja tu, kumzuia asianguke kinyumenyume. Nguvu ya kazi hiyo hupatikana kwa kuzidisha uzito wake kwa umbali wa kiwiliwili kutoka ukutani, kisha kugawanya kwa kimo cha mikono juu ya miguu. Akikunja viwiko, akashika kishikio kilicho sentimita 120 juu ya miguu huku makalio yakining'inia sentimita 40 nje, mikono huvuta kama kilo 23. Akishika kishikio cha sentimita 180 kwa mikono iliyonyooka na kusogeza nyonga hadi sentimita 20 kutoka ukutani, mvuto hushuka chini ya kilo 8. Mtu ni yuleyule na mwamba ni uleule.

Mkono ulionyooka una faida nyingine: mzigo wake hupita kwenye mifupa na kano, na misuli ya kukunja kiwiko hupumzika. Mmoja wa misuli hiyo hupita kwenye kigasha chenyewe, kwa hiyo anayepanda akiwa amekunja mikono hukichosha mara mbili. Hata hivyo, kunyoosha mikono si dawa ya kila mahali. Kishikio kikiwa usawa wa kifua, mikono iliyonyooka humsukuma mtu nje, mbali na mwamba. Hapo inafaa ageuze nyonga moja iguse ukuta, au ainue miguu na kuchuchumaa ili kishikio kiwe juu ya kichwa. Mabega nayo hayaachwi yalegee kabisa. Yakivutwa hadi masikioni, viungo vyake huumia.

Mwendo wenyewe huanzia chini. Mpandaji hubaki amening'inia kwa mikono iliyonyooka, hutazama mahali pa kukanyaga, huinua mguu mmoja kisha wa pili kwa hatua fupi, magoti yakikunjika. Ndipo husukuma kwa mapaja hadi asimame, na mkono hufikia kishikio kinachofuata mwishoni mwa msukumo huo. Wengi hufanya kinyume: hutafuta kishikio kwanza, hujivuta, na miguu hufuata ikiburuzwa.

Mguu huwekwa kwa ncha ya kiatu, upande wa dole gumba, si kwa katikati ya wayo. Ncha humwezesha kuzungusha kisigino na kugeuza nyonga bila kuhamisha mguu. Kwenye mwamba ulioinama usio na ukingo, kinachoshika ni msuguano wa soli ya mpira, na hapo kisigino hushushwa ili soli nyingi iguse jiwe na uzito uikandamize. Wanaoanza huogopa na kujilaza kifudifudi kwenye mwamba. Uzito huacha kuikandamiza soli vizuri, nao huteleza kwa sababu ya woga huo.

Makosa ya miguu husikika kabla ya kuonekana. Kiatu kinachogonga au kukwaruza ukuta kimewekwa bila kutazamwa, kwani macho yaliondoka kabla mguu haujatua. Mguu unaotetemeka juu chini kama wa fundi cherehani mara nyingi ni dalili ya kisigino kilichoinuliwa mno, shavu la mguu likachoka. Kukishusha hutosha kuutuliza. Kishikio kinachobanwa kwa nguvu kuliko kinavyohitaji kujaribiwa ni kwa kulegeza vidole polepole mpaka karibu viteleze, kisha kukaza kidogo tu.

Ukuta ukiinamia nje, hesabu hubadilika. Miguu haiwezi tena kubeba uzito wote, na vidole vya miguu hulazimika kuuvuta mwili kuelekea mwamba, kazi inayoangukia misuli ya tumbo na nyuma ya mapaja. Chini ya dari la mwamba sehemu kubwa ya uzito huwa mikononi. Hata hapo mguu ulioshika vizuri hupunguza mzigo wa vidole, ila hauwezi kuuondoa.